Mwenye pepa za nyuma atupie humu

Meseji iliingia kwenye kundi la darasa saa tano na dakika kumi usiku, siku nne kabla ya mtihani wa uhasibu wa fedha. "Wakuu habari za usiku. Mwenye pepa za nyuma za uhasibu na desa la mada ya tatu mpaka ya tano atupie humu, nimebanwa vibaya." Mwandishi alikuwa dada mmoja wa mkondo B ambaye hata sura yake sikuikumbuka vizuri.

Hazikupita dakika mbili, wa kwanza akamjibu: "Muhula mzima ulikuwa wapi?" Wa pili akaweka katuni ya mtu anacheka mpaka machozi. Wa tatu, ambaye najua fika alikuwa na kila kitu kwenye simu yake, akaandika, "Njoo pembeni dada." Halafu kundi likanyamaza. Nilikuwa kiongozi wa darasa, mwaka wa pili, chuo kimoja hapa Dar es Salaam, na ule ukimya niliujua. Watu walikuwa macho, wanasubiri kiongozi atajibu nini, na wengi wao walikuwa wanazitaka hizo pepa pia ila wameona aibu kuomba.

Faili nilikuwa nazo sitini na kitu. Ningeweza kuzichagua zote kwa kidole na kuzimwaga pale, kazi ya dakika moja. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimefanya hivyo hivyo, na yaliyonikuta ndiyo yaliyonifanya usiku huo nikae na simu mkononi karibu nusu saa bila kutuma kitu.

Mwaka wa kwanza sikuwa kiongozi wa chochote. Mtu aliomba pepa kundini, nami nilikuwa nimetoka kuzipata kwa kaka mmoja wa mwaka wa tatu, basi nikajiona mtu wa maana. Nikatupia faili 31 mfululizo. Humo ndani kulikuwa na pepa ya 2013 iliyokwisha kufanywa, majibu yameandikwa kwa mkono, wino wa bluu, mwandiko mzuri kama wa mwalimu wa shule ya msingi. Ilipigwa picha juu ya kitanda, na kwenye kona ya kila ukurasa unaona kipande cha kanga nyekundu. Karibu darasa zima tuliisoma ile pepa ya kanga. Nani aliifanya, alisahihishiwa au alijifanyia tu chumbani kwake, hakuna aliyeuliza. Mwandiko ulitosha.

Swali la pili mle ndani lilikuwa la gari la kampuni. Gari limenunuliwa tarehe 1 Aprili 2009 kwa shilingi 48,000,000, uchakavu, yaani thamani inayopungua kwa matumizi, ni asilimia 20 kwa mwaka kwa bei ya kununulia, likauzwa tarehe 30 Juni 2012 kwa shilingi 20,000,000, na hesabu za kampuni zinafungwa kila tarehe 31 Desemba. Tafuta faida au hasara ya kuliuza. Jibu la kwenye kanga lilikuwa faida ya shilingi 800,000, nasi tukalibeba kichwani na njia yake yote.

Testi ikaja, na swali likaja. Gari ni lile lile, 48,000,000 ile ile, asilimia 20 ile ile, limeuzwa 20,000,000. Miaka tu ndiyo ilisogezwa mbele: limenunuliwa Aprili 2012, limeuzwa Juni 2015. Nilipoliona nilitaka kucheka kwa sauti. Nikaandika 800,000, nikapiga mistari miwili chini yake, nikatoka mapema.

Wiki iliyofuata mhadhiri aliingia na bunda la karatasi na kuliweka mezani bila kusema neno. Akasoma jina la kwanza, akasoma jibu: 800,000. La pili: 800,000. Alipofika kama la kumi akaacha, akatuuliza kwa upole ambao ulituumiza kuliko matusi, "Huyu mwalimu wenu mwingine ni nani? Nataka tufahamiane." Jibu lake lilikuwa shilingi 3,200,000.

Ukirudi kwenye karatasi ya swali unaona kosa liko wapi. Pepa ya 2013 ilikuwa na sharti juu kabisa, kabla ya swali lenyewe: kampuni inatoza uchakavu wa mwaka mzima katika mwaka wa kununua mali, na haitozi chochote katika mwaka wa kuiuza. Kwa sharti hilo unahesabu miaka mitatu kamili, 2009, 2010 na 2011. Asilimia 20 ya 48,000,000 ni 9,600,000, mara tatu ni 28,800,000. Toa kwenye bei ya kununulia, thamani iliyobaki vitabuni ni 19,200,000. Umeuza kwa 20,000,000, faida 800,000. Mtu wa kanga alipata, hakukosea hata senti.

Testi yetu ilikuwa na sharti jingine, mstari mmoja tu: uchakavu unatozwa kwa miezi ambayo mali imetumika. Tisa laki sita, maana yake 9,600,000, ukigawa kwa 12 unapata 800,000 kwa mwezi (namba ile ile ya jibu letu, na nadhani mhadhiri aliitega makusudi ingawa hakukiri). Kuanzia Aprili 2012 mpaka mwisho wa Juni 2015 ni miezi 39. Uchakavu wote 31,200,000, vitabuni inabaki 16,800,000, faida 3,200,000. Tofauti ya majibu mawili ni 2,400,000, yaani uchakavu wa miezi mitatu. Sharti la zamani linaliongezea gari miezi mitatu ya Januari mpaka Machi ambayo lilikuwa bado halijanunuliwa, halafu linalisamehe miezi sita ya mwaka wa kuuzwa. Majibu yote mawili ni halali, kila moja kwa sharti lake. Sisi tulikuwa na jibu la mtu mwingine kwa swali la mtu mwingine.

Walioumia zaidi hawakuwa wavivu. Mtu ambaye hakuigusa kabisa ile pepa ya kanga alisoma swali kama lilivyo na akapata. Waliokosa ni wale waliokesha nayo. Na nani aliitupia kundini? Mimi. Hakuna aliyenilaumu, maana msaada haulaumiwi, lakini kila nilipoliona neno "nitupie" baada ya hapo tumbo lilinikaza kidogo.

Tangu siku hiyo nina njia yangu ya kuitambua pepa yenye majibu inayoweza kumpoteza mtu. Ukiona majibu yanaanza moja kwa moja na hesabu, bila kunakili sharti la swali juu, hiyo iogope. Ukiona jibu la mwisho limeandikwa kubwa lakini hatua za katikati zimerukwa, iogope zaidi. Na picha ikiwa imefifia, ujue imepita kwenye simu nyingi. Wasapu inabana picha kila inapotumwa kama picha, mpaka 3 na 8 zinafanana. Bora uitume kama dokumenti, inafika ilivyo.

Kabla sijafika kwenye jibu la usiku ule, kuna hili la "njoo pembeni."

Zamani niliona ni ustaarabu. Mtu kaomba, unamfuata kimya kimya, unampa, yameisha. Mpaka siku moja tukiwa kwenye foleni ya kantini dada mmoja wa darasa letu, mwenye simu ya kitochi, akaniambia huku anacheka, "Kiongozi, hizo pepa mimi nazisikiaga tu." Aliposema hivyo nilijaribu kuhesabu ni akina nani huwa wananiomba pembeni. Walikuwa wale wale, marafiki zangu wa hosteli, wenye simu nzuri na bando la mwezi. Darasa moja, mtihani mmoja, na mimi kiongozi wa wote nilikuwa nimejenga duka la siri bila kujua.

Nilichofanya hakikuwa kikubwa. Nilichapisha nakala moja ya kila pepa ya somo lile, kurasa 22, shilingi 100 kwa ukurasa, nikaziweka kwenye jalada na kumwachia dada wa steshenari iliyo jirani na geti. Anayetaka anatoa kopi kwa hela yake na kurudisha jalada. Maktaba ya chuo nayo ilikuwa na mitihani ya miaka iliyopita, imejalidiwa, unaisomea mle mle. Nusu ya darasa hawakulijua hilo kwa sababu hakuna aliyeona haja ya kulisema.

Madesa ni jambo jingine kabisa, na hapa nilikuwa mkali kidogo. Pepa ni ya chuo, lakini desa ni jasho la mtu. Darasani kwetu alikuwepo jamaa aliyeandika kila kipindi, kwa mistari iliyonyooka, hadi utani wa mhadhiri aliuandika pembeni. Alikuwa anatoa bure. Muhula mmoja desa lake likakutwa linauzwa steshenari shilingi 3,000, limebanwa kwa plastiki, ukurasa wa kwanza wenye jina lake umetolewa. Hakugombana na mtu, ila hakutoa tena. Kwa hiyo mtu akiniomba desa ambalo si langu, nilimwomba mwenyewe kwanza, hata kama ninalo kwenye simu.

Halafu kuna ombi ambalo sikuwahi kulitimiza, na liligharimu urafiki kwa wiki kadhaa. Testi ya mwaka wa pili tulifanya kwa mikondo, A asubuhi saa tatu, B saa tisa alasiri. Mimi A, mwenzangu wa chumba B. Saa tano na nusu natoka ukumbini, simu inaita kimeseji: "Mwanangu nitupie pepa. Si imeshapita?"

Nikacheka kwanza. Halafu nikaandika, "Kwangu imepita mwanangu, kwako bado."

"Basi nitajie mada tu, sitaki maswali."

Hapo ndipo penye utelezi. Kutaja mada kunaonekana kudogo, lakini kozi ina mada sita na testi ina maswali matatu. Ukimtajia mada umeshamfanyia nusu ya kazi ambayo wenzake wa mkondo B wote wanaifanya gizani. Alama zetu zinaingia kwenye orodha moja. Na sheria za mitihani kwa jambo kama hili zinambana anayetoa sawa na anayepokea, hazijali kwamba mlilala chumba kimoja. Nikamjibu, "Mada ziko kwenye muhtasari wa kozi, zote sita. Nakuja kimbwetani sasa hivi tufanye pepa ya 2014, ambayo kila mtu anaweza kuipata. Ukikwama popote nakuelekeza mpaka saa nane."

Hakuja. Pepa ya asubuhi ilimfikia kwa mkono mwingine kabla ya saa saba, hilo alinieleza mwenyewe baadaye bila haya. Alipata 13 kati ya 15. Mimi nilipata 9. Karatasi yake aliibandika juu ya kitanda chake, upande unaotazamana na kitanda changu.

Sasa turudi usiku ule wa dada wa mkondo B. Nilimjibu kundini, mbele ya wote, na jibu bado ninalo kwa sababu baadaye nililitumia mara nyingi:

"Habari za usiku dada, umeuliza kwa niaba ya wengi. Natuma pepa tatu, 2014, 2015 na 2016, maswali matupu bila majibu, kama dokumenti, zote hazifiki MB 4. Jalada la karatasi liko kwa dada wa steshenari ya getini kwa asiye na bando. Angalizo: pepa za 2014 na 2015 zilitungwa na mhadhiri aliyetangulia, na uchakavu wake ni wa mwaka mzima. Ya 2016 ni ya huyu tuliye naye, uchakavu kwa miezi. Somo halijabadilika, sharti ndilo limebadilika, lisome kabla hujagusa kikokotoo. Majibu ninayo ya 2016 tu, niliyafanya mwenyewe na hayajasahihishwa. Nitayaweka kesho saa mbili usiku ili kila mtu apate siku moja ya kujaribu kwanza. Atakayeona kosa aseme humu. Desa la mada ya tatu mpaka ya tano si langu, nimeshamwandikia mwenyewe. Akikubali naliweka, asipokubali tutamheshimu."

Majina ya faili niliyabadilisha kabla ya kutuma. Zamani yalikuwa `IMG-20160611-WA0043.jpg` na mengine ya aina hiyo, ambayo hayakuambii chochote. Safari hii niliandika `Uhasibu_2016_maswali_uchakavu-kwa-miezi.pdf`. Ni refu, ndiyo, lakini mtu akilikuta faili hilo kwenye simu yake miaka miwili baadaye anajua kashika nini.

Wapo walionung'unika kuhusu majibu kucheleweshwa. Mmoja akasema ninajifanya mhadhiri. Sikumjibu. Ningeyatoa usiku ule ule, wangesoma majibu na kuacha maswali, kama nilivyofanya mimi na ile kanga.

Jambo moja sikuliandika kundini. Yule dada sikumuuliza alikuwa wapi. Nilimfuata pembeni, na huko sikumpa pepa, nilimuuliza tu: "Dada, vipindi vingapi vilikupita?" Akakaa muda mrefu bila kujibu, naona maandishi ya "anaandika" yanatokea na kupotea. Kisha akaniambia sita. Mama yake alikuwa amelazwa, yeye ndiye mtoto mkubwa, alikuwa akilala hospitali na kuja chuo siku za testi tu. Hakutaka darasa lijue.

Mtu aliyekosa vipindi sita pepa haimsaidii chochote. Anahitaji kufundishwa. Nilimwomba yule jamaa wa desa, nikamweleza kwa kifupi kwamba kuna sababu ya msingi bila kumwambia ni ipi, naye akatuma kurasa za mada ya nne peke yake, jina lake limeandikwa juu ya kila ukurasa kwa kalamu nyekundu. Akasema mada ya tatu na ya tano ziko kitabuni vizuri tu, akazisome huko. Alikuwa sahihi. Mimi na yule dada tukakaa kimbwetani jioni mbili, kuanzia saa kumi mpaka mbu walipotufukuza. Jioni ya kwanza tulifanya swali la gari peke yake, kwa masharti yote mawili, bega kwa bega kwenye ukurasa mmoja, mpaka akaweza kuniambia mwenyewe ile miezi mitatu inatoka wapi.

Majibu yangu ya 2016 niliyaweka saa mbili usiku kama nilivyoahidi. Saa tatu kasoro yule dada akaandika kundini kwamba swali la nne nimekosea, nimesahau kuondoa kwenye akaunti ya mali gharama ya mashine iliyouzwa. Aliweka picha ya hesabu yake, na kweli nilikuwa nimekosea. Yule aliyemuuliza muhula mzima alikuwa wapi ndiye wa kwanza kumshukuru.

Mtihani yule dada alifaulu kwa C. Mwezi mmoja baada ya matokeo alinitumia pepa yetu wenyewe, ameichapa upya, kila swali na sharti lake limekolezwa juu, majibu kwenye faili tofauti. Akasema niwape mwaka wa kwanza.

Mwaka jana mpwa wangu alianza chuo, fani hiyo hiyo. Akanipigia usiku, "Mjomba, tumepata pepa kali humu kundini, imefanywa yote. Hebu niangalizie jibu la hili gari." Akanitumia picha. Imefifia, namba za mwanzo husomi vizuri, lakini wino ni wa bluu, na kwenye kona kuna kitu chekundu.

Nikamwambia, "Baba, usianze na jibu. Nisomee kwanza mstari wa juu kabisa, unaosema kuhusu uchakavu."

Akakaa kimya akiutafuta. "Mjomba," akasema, "huku juu picha imekatwa."